Sura ya 6: Aprili na Aprili Yake

Mvua ikishika Nyarugusu, Mgusu au Mwakitolyo, maji huingia kwenye maduara. Pampu zilizokusudiwa kuwa za dharura huwa kazi ya kutwa, kuta hulegea, na wenye maduara marefu huamua kusubiri. Karasha hukosa mawe ya kusaga, na baada ya wiki chache gramu zinazofika soko la madini hupungua. Kufika Julai na Agosti ardhi imekauka, watu wamerudi chini, na dhahabu inaongezeka tena. Ofisa anayelinganisha Aprili na Februari ataandika kwamba uzalishaji umeanguka. Akilinganisha Julai na Aprili ataandika kwamba umepaa. Katika taarifa zote mbili, alichopima kwa sehemu kubwa ni mvua.

Dawa yake inajulikana: Aprili ipimwe kwa Aprili ya mwaka uliopita, Julai kwa Julai. Msimu unakuwa pande zote mbili za mzani, na kinachobaki ni mabadiliko yenyewe. Hesabu yake ni ya kutoa na kugawa. Kazi iko kwenye kuipata hiyo Aprili ya mwaka uliopita ndani ya jedwali lenye mamia ya mistari, na hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kurudi nyuma mistari 12. Ya pili ni kurudi nyuma mwaka mmoja kwenye kalenda. Kama kila mwezi una mstari wake, bila hata mmoja kukosekana, njia hizi hutoa jibu lile lile, na watu wengi huishi miaka wakiamini kwamba ni kitu kimoja.

Ukanda wa dhahabu hauwaachi waamini hivyo kwa muda mrefu. Hapa uzalishaji husimama na kuanza. Duara hufungwa kwa usalama, rashi huzuka kijiji kimoja na kukausha kingine, leseni huisha muda. Hata migodi mikubwa husimama. Mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulisimamisha kazi Aprili 2020 bei za almasi zilipoporomoka, ukarudi 2021, kisha tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa lake la tope ukabomoka na uzalishaji ukasimama tena hadi Julai 2023. Jedwali la mahali kama hapo lina matundu, na matundu ndiyo yanayozitenganisha njia zetu mbili.

Tuanze na jedwali lenyewe. Chukua kituo kimoja cha ununuzi wa dhahabu, ambacho nimekitunga kwa ajili ya sura hii pamoja na tarakimu zake zote. Kila broka anapouza, mauzo yanaandikwa mstari mmoja: jina la kituo, tarehe, na gramu. Mwezi mmoja unaweza kuwa na mistari mia kadhaa, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuikusanya kwa mwezi. Natumia PostgreSQL hapa.

```sql
CREATE VIEW kwa_mwezi AS
SELECT kituo,
       date_trunc('month', tarehe)::date AS mwezi,
       sum(gramu) AS gramu
FROM mauzo
GROUP BY 1, 2;
```

`date_trunc` huirudisha kila tarehe kwenye siku ya kwanza ya mwezi wake. Mauzo ya tarehe 3 Aprili 2023 na ya tarehe 29 Aprili 2023 yote yanaangukia 2023-04-01. Uamuzi huu mdogo wa kuuita mwezi kwa siku yake ya kwanza una faida kubwa tutakayoiona mbele, kwa sababu kila mwezi una tarehe 1, lakini si kila mwezi una tarehe 29, 30 au 31.

Sasa njia ya kwanza. `LAG` huuambia kila mstari uchungulie nyuma na kuleta thamani ya mstari uliotangulia, kwa idadi ya hatua unayoitaja. Iliingia PostgreSQL kwenye toleo la 8.4 mwaka 2009, na MySQL ikaipata kwenye toleo la 8.0 mwaka 2018. Ofisi yenye mfumo wa MySQL uliosimikwa kabla ya hapo haitaikuta.

```sql
SELECT kituo, mwezi, gramu,
       lag(gramu, 12) OVER w AS mwaka_jana,
       lag(mwezi, 12) OVER w AS mwezi_ulioletwa
FROM kwa_mwezi
WINDOW w AS (PARTITION BY kituo ORDER BY mwezi);
```

`PARTITION BY kituo` huweka ukuta kati ya kituo na kituo. Ukiusahau, mistari ya vituo vyote hupangwa pamoja kwa tarehe, na hatua 12 nyuma zinaweza kukupeleka kwa jirani: gramu za Geita zikapimwa kwa gramu za Kahama bila onyo lolote. `ORDER BY mwezi` hupanga foleni. `LAG` inachofanya ni kuhesabu vichwa kwenye foleni hiyo, na haijui kama kati ya kichwa na kichwa umepita mwezi mmoja au mitatu.

Kituo chetu cha mfano kina takwimu kuanzia Januari 2022. Mwaka huo wote haukukosa mwezi. Mwaka 2023 kilinunua Januari, kikafungwa Februari na Machi, kikafunguliwa Aprili, na tangu hapo hakijasimama. Kwa kuwa Februari na Machi hapakuwa na mauzo, `kwa_mwezi` haina mistari ya miezi hiyo. Haina mistari yenye sifuri. Haina mistari kabisa. Foleni inatoka Januari 2023 na kuruka moja kwa moja hadi Aprili 2023.

Tuhesabu kwa vidole. Miezi ya 2022 ni mstari wa 1 hadi wa 12. Januari 2023 ni wa 13. Aprili 2023, ambayo ilipaswa kuwa wa 16, inakuwa wa 14. Toa 12: unabaki na mstari wa 2, yaani Februari 2022. `LAG` imeleta Februari na kuiweka kwenye safu inayoitwa `mwaka_jana`, mkabala na Aprili.

Sema Februari 2022 kituo kilinunua gramu 2,600, Aprili 2022 wakati wa mvua gramu 1,300, na Aprili 2023 gramu 1,560. Kwa `LAG`, 1,560 dhidi ya 2,600 ni pungufu ya asilimia 40. Kwa kalenda, 1,560 dhidi ya 1,300 ni ongezeko la asilimia 20. Kituo kimerudi kikiwa na nguvu kuliko kabla ya kufungwa, na taarifa inasema kimepoteza karibu nusu ya biashara. Mtu anaweza kupelekewa barua ya kujieleza kwa sababu ya tarakimu hiyo.

Kosa halikomi Aprili. Mei 2023 ni mstari wa 15 na inapimwa kwa Machi 2022. Juni inapimwa kwa Aprili. Desemba inapimwa kwa Oktoba. Januari 2024 inapimwa kwa Novemba 2022, Februari 2024 kwa Desemba 2022, na Machi 2024, mwezi wa 25 kwenye foleni, kwa Januari 2023. Kisha inafika Aprili 2024, mstari wa 26. Toa 12 unapata 14, ambao ni Aprili 2023. Sahihi kabisa. Matundu yote mawili yamepitwa, na kuanzia hapo kila mwezi unalingana na mwenzake.

Hili ndilo linalonifanya niliogope kosa hili kuliko mengine. Linadumu miezi 12 kamili kisha linajiponya. Anayefungua mfumo mwezi Juni 2024 na kukagua miezi miwili ya karibuni ataikuta safi, atatia saini, na mwaka mzima wa taarifa potofu utabaki kwenye jalada. Mwadui ingekuwa mbaya zaidi: kama jedwali linaweka mistari ya miezi yenye uzalishaji tu, kati ya Novemba 2022 na Julai 2023 kuna miezi 7 isiyoonekana, na Julai 2023 ingepimwa kwa Desemba 2021.

Ndiyo maana kwenye swali letu nilileta vitu viwili, gramu na mwezi. Safu ya `mwezi_ulioletwa` inasema gramu hizo zimetoka wapi. Pale penye 2023-04-01 ikikuonyesha 2022-02-01, umekwisha kulikamata kosa bila kumwuliza mtu. Anayerithi taarifa za mwenzake, kabla ya kugusa kitu kingine, aongeze safu hiyo na atafute mistari ambayo `mwezi_ulioletwa` hailingani na `mwezi - interval '1 year'`. Kazi ya dakika moja inakuonyesha ni miezi gani ya kuandika upya.

Kwenye kurekebisha, njia ya kalenda ndiyo yenye msingi. Badala ya kuhesabu mistari, tunatengeneza orodha ya miezi yote, iwe na mauzo au isiwe nayo, halafu tunaiunganisha na jedwali mara mbili: mara moja kwa mwezi wenyewe, na mara ya pili kwa mwezi ulio mwaka mmoja nyuma.

```sql
WITH kalenda AS (
  SELECT generate_series(date '2022-01-01', date '2024-12-01',
                         interval '1 month')::date AS mwezi
)
SELECT v.kituo, k.mwezi, m.gramu, j.gramu AS mwaka_jana,
       round(100.0 * (m.gramu - j.gramu)
             / nullif(j.gramu, 0), 1) AS badiliko
FROM kalenda k
CROSS JOIN (SELECT DISTINCT kituo FROM kwa_mwezi) v
LEFT JOIN kwa_mwezi m
       ON m.kituo = v.kituo AND m.mwezi = k.mwezi
LEFT JOIN kwa_mwezi j
       ON j.kituo = v.kituo
      AND j.mwezi = (k.mwezi - interval '1 year')::date
ORDER BY v.kituo, k.mwezi;
```

Hapa Aprili 2023 haina njia ya kufika Februari 2022. Inatafuta 2022-04-01 kwa jina, ikiipata inaileta, isipoipata inaacha wazi. Na kwa kuwa kalenda imezidishwa na vituo vyote, kituo kilichokufa nacho kinabaki kwenye orodha. Hili lina uzito mahali kama Kahama, ambako mgodi wa Buzwagi ulioanza 2009 ulifikia mwisho wake 2021. Swali linaloanzia kwenye mauzo ya mwaka huu tu lingekisahau chanzo kilichokoma: jumla inashuka, lakini ukitafuta kwenye orodha ni nani aliyeshuka humwoni.

Ukishakuwa na kalenda kamili, unaweza hata kurudi kwenye `LAG` na ikawa salama, kwa sababu kila mwezi sasa una kichwa chake kwenye foleni. Wengine hupendelea hivyo kwa kuwa swali linakuwa fupi. Mimi napendelea kuunganisha kwa tarehe, kwa sababu kesho mtu akiongeza kichujio katikati, muunganiko wa tarehe hautateleza.

Kichujio ni hatari kweli, na hupatikana pale mtu anapotaka kuonyesha mwaka 2024 peke yake. Anaandika `WHERE mwezi >= '2024-01-01'` chini ya `FROM` kwenye swali la `LAG`, na safu ya mwaka jana inakuwa tupu mwaka mzima. Sababu ni mpangilio wa kazi ndani ya SQL: `WHERE` hupita kwanza na kuondoa mistari ya 2023, ndipo `LAG` inapoanza kuhesabu foleni iliyobaki. Hakuna cha nyuma cha kuleta. Swali la `LAG` lifungwe ndani ya mabano kama swali dogo, na kichujio kiwekwe nje yake, baada ya kulinganisha kukamilika.

Tundu lenyewe nalo lina swali ambalo kompyuta haiwezi kulijibu. Februari 2023 kwenye kituo chetu iko wazi. Je, ni sifuri au ni kutojulikana? Kama kituo kilifungwa, sifuri ni kweli: hakuna gramu iliyonunuliwa, na jumla ya mkoa ihesabu sifuri hiyo. Kama kituo kilinunua lakini daftari halijawasilishwa, kuandika sifuri ni kubuni anguko ambalo halikutokea. Kuna tabia ya kuweka `coalesce(gramu, 0)` kila mahali ili jedwali lipendeze. Napinga tabia hiyo kwa nguvu. Iwepo safu ya hali ya mwezi, yenye maneno kama "kilifungwa" au "taarifa haijafika", inayojazwa na mtu aliyepiga simu kituoni. Sifuri iandikwe pale tu safu hiyo inapoiruhusu.

Mwaka unaofuata sifuri ile inakuwa kigawanyo. Februari 2024 kituo kikinunua gramu 1,900, ongezeko kutoka sifuri halina asilimia. `nullif(j.gramu, 0)` huzuia swali lisikwame kwa kugawa kwa sifuri na kuacha nafasi wazi, na hapo taarifa iandike gramu zenyewe: kutoka 0 hadi 1,900. Vivyo hivyo kwa Mwadui: kuanzia Desemba 2023 hadi Juni 2024 kila mwezi ulikuwa ukitazamana na mwezi wa bwawa lililobomoka. Novemba 2023 nayo ilitazamana na mwezi uliokuwa na siku chache tu za kazi kabla ya tarehe 7, na asilimia yake ingetoka kubwa bila kueleza chochote kuhusu ubora wa mgodi.

Sasa hesabu ya tarehe yenyewe. Niliandika `interval '1 year'`, na kuna anayeona ni sawa na kutoa siku 365. Jaribu kwenye tarehe 1 Machi 2024. Mwaka mmoja nyuma ni 1 Machi 2023. Siku 365 nyuma ni 2 Machi 2023, kwa sababu Februari 2024 ilikuwa na siku 29 na umbali wa kweli ni siku 366. Jedwali letu lina miezi inayoanza tarehe 1, kwa hiyo 2 Machi haipati mwenza, na nafasi inabaki wazi. Hali hiyo inaendelea hadi Februari 2025, ndipo Machi 2025 inapopatana tena na Machi 2024. Miezi 12 tena, na tena inajiponya. Tofauti ni kwamba hapa kosa linaonekana kwa kuacha mapengo, na lile la `LAG` linajificha kwa kuleta tarakimu.

Kutumia siku ya kwanza ya mwezi kunakuokoa pia na tarehe za mwishoni. PostgreSQL ikiombwa kutoa mwaka mmoja kwenye 2024-02-29 hujibu 2023-02-28, kwa kuwa 29 haikuwepo mwaka huo. Ukiongeza mwaka kwenye jibu hilo unapata 2024-02-28, si ulikotoka. Anayetambulisha miezi kwa siku ya mwisho atakwama hapo: Februari 2023 ikiongezewa mwaka haifiki 29 Februari, siku ya mwisho ya Februari 2024. Kwenye Eksel, ambako ofisi nyingi bado zinafanyia kazi, `=EDATE(A14,-12)` hufanya kazi ileile ya kurudi miezi 12 kwa kalenda, kisha jibu lake hutafutwa kwenye safu ya miezi. Kuandika `=B14-B2` na kuiburuta chini ni `LAG` kwa jina jingine, pamoja na ugonjwa wake wote wa matundu.

Tarehe zikishapatana, bado inabidi kuangalia kama miezi miwili inayolinganishwa ilikuwa na ukubwa mmoja. Mfano mzuri tunao Geita. Januari 2019 Rais John Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo jijini Dar es Salaam, na baada ya hapo wakaondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Tarehe 17 Machi mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua soko la dhahabu la Geita. Machi 2019, kwa hiyo, hata ukiihesabu siku ya uzinduzi yenyewe, soko lilikuwa na siku 15 tu. Machi 2020 lilikuwa na 31. Soko lililouza kilo moja kila siku, bila kuongeza hata gramu, lingeonyesha kilo 15 kisha kilo 31, ongezeko la karibu asilimia 107. `LAG` isingekosea hapo, kalenda isingekosea, na taarifa ingekuwa potofu. Gawanya kila mwezi kwa siku zake za kazi kabla ya kulinganisha, na ongezeko linarudi kuwa sifuri. Februari ya mwaka mrefu inaleta jambo hilo kwa udogo: kasi ileile ya kila siku itaonyesha Februari 2024 juu ya Februari 2023 kwa asilimia 3.6.

Na kuna kipimo cha kuchagua. Kwenye stakabadhi moja ya soko la madini kuna gramu, kuna thamani kwa shilingi, kuna mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mrabaha hufuata thamani, na thamani hufuata bei ya dunia. Machi 2024 bei hiyo haikufika dola 2,300 kwa wakia. Machi 2025 ilivuka dola 3,000. Ofisi inayolinganisha makusanyo ya Machi hizo mbili itaona ongezeko zuri hata kama maduara yametoa gramu zilezile, au pungufu kidogo. Mimi huweka gramu na shilingi kwenye jedwali moja, kila moja na badiliko lake. Gramu zikiwa chini ya mwaka jana na shilingi zikiwa juu, ninajua kwamba ongezeko limetoka sokoni duniani, na swali la kuuliza Nyarugusu ni kwa nini mawe yamepungua wakati bei ni nzuri: maji, usalama, au dhahabu inayopita njia nyingine bila kufika sokoni. Jibu lake haliko kwenye SQL. Liko kwa wenye maduara na kwa Afisa Madini Mkazi, na wa kuwauliza ni mtu anayeshika orodha ya miezi iliyolinganishwa sawasawa, yenye nafasi wazi pale panapostahili kuwa wazi na sababu yake imeandikwa pembeni.